Mali bila daftari: Fundi akipigwa na umeme, andika nini?

JE, wewe ni msimamizi wa jengo, mwenye karakana, au fundi unayeshika nyaya kila siku? Basi fungua daftari la ajali la mahali pako pa kazi uone jinsi ajali ya umeme ilivyoandikwa mara ya mwisho. Huenda utakuta maneno kama haya:

"Fundi alipigwa na umeme kidogo. Umeme ulikuwa umezimwa. Hali yake ni nzuri."

Hizo ni sentensi tatu fupi, na kila moja ina kasoro yake. Ya kwanza inasema "kidogo" bila mtu yeyote kupima. Ya pili haiwezekani, maana waya usio na umeme haumpigi mtu. Ya tatu inatoa uamuzi wa daktari ilhali daktari hakuonekana. Juma hili tutaeleza namna ya kuiandika ajali ya aina hii kwa njia itakayomsaidia daktari, itakayomlinda fundi atakayekuja kesho, na itakayohifadhi haki ya aliyeumia.

Kisa cha chumba cha baridi

Tuchukue mfano. Katika duka moja kubwa jijini Nairobi, chumba cha kuhifadhia nyama kimeacha kupoa. Fundi wa matengenezo anaitwa. Anagundua kwamba kontakta, ile swichi ya sumaku inayowasha mota ya kugandamiza gesi, imeungua koili. Anakwenda kwenye swichi kuu ya mota hiyo, anaizima, kisha anarudi kwenye kabati la chuma lenye vifaa. Anapima ncha tatu kubwa za nyaya za mota. Hazina umeme. Anaanza kufungua skrubu.

Jambo asilolijua ni kwamba koili ya kontakta hailishwi na swichi hiyo. Miaka kadhaa iliyopita fundi mwingine aliivutia waya mwembamba kutoka kwenye bodi ya taa za ukumbi, kwenye breka namba 7. Waya huo bado una volti 240. Kwa kuwa koili imeungua, hakuna mvumo wala mlio wa kumwonya. Saa 4.20 asubuhi kidole chake cha mkono wa kulia kinagusa ncha ya koili iliyoandikwa A1, na mkono wa kushoto umeshika mlango wa kabati. Mikono ina unyevu wa chumba cha baridi. Misuli inakaza na hawezi kuachia. Msaidizi wake anakimbia kwenye bodi ya taa na kuzima kila breka anayoiona. Fundi anarushwa nyuma na kukaa sakafuni, akiwa na akili zake timamu.

Anapewa chai, anapumzika nusu saa, kisha anamaliza kazi. Chumba kinapoa, meneja anafurahi, na jioni zile sentensi tatu zinaandikwa daftarini. Majuma matano baadaye vidole viwili vya mkono wake wa kulia vina ganzi na hawezi kukaza bisibisi. Anapoomba kutibiwa kwa gharama ya mwajiri, anafunguliwa daftari na kuonyeshwa: umeme ulikuwa umezimwa, hali yake ilikuwa nzuri.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Hata afya ni mali.

Dakika za kwanza

Kabla ya kalamu, uhai. Usimguse aliyenaswa na umeme kabla ya kuukata. Asipokuwa na fahamu na asipopumua kama kawaida, mtu mmoja aanze kumsukuma kifua kwa nguvu na kwa haraka, mara 100 hadi 120 kwa dakika, huku mwingine akiita msaada kwa simu namba 999 au 112. Akiwa na jeraha la kuungua, lipoeshwe kwa maji safi yanayotiririka, lakini tu baada ya kumwondoa mahali penye umeme.

Mara majeruhi anapohudumiwa, mtu mwingine asimame kando ya kifaa na kuhakikisha hakiguswi. Hapa ndipo ushahidi mwingi unapopotea. Watu wenye nia njema huwasha tena taa za ukumbi, hurudisha breka, hufunga kabati na kuokota vyombo vya kazi. Baada ya dakika kumi hakuna awezaye kusema swichi gani ilikuwa juu na ipi ilikuwa chini. Piga picha za bodi zote mbili, za kabati lililo wazi, na za waya uliomgusa. Simu ya mkononi inatosha.

"Ilizimwa" si jibu

Sehemu ngumu kuliko zote katika taarifa hii ni ile ya hali ya umeme wakati wa ajali. Watu huandika walichokiamini badala ya walichokikuta. Fundi wetu hakusema uongo aliposema alizima umeme. Alizima umeme wa mota. Neno "umeme" ndilo lililowadanganya wote, kwa sababu kabati lile lilikuwa na njia mbili za kuingiza umeme na neno moja tu la kuzitaja.

Kwa hiyo taarifa igawanywe kwa njia za umeme. Kwa kila njia iliyoingia katika kifaa kile, andika mambo manne. Kwanza, inatoka wapi: bodi gani, breka namba ngapi. Pili, swichi yake ilikutwa imewashwa au imezimwa, na ni nani aliyeiona. Tatu, je, ilifungwa kwa kufuli na kutundikwa kadi ya onyo, au iliachwa wazi kwa yeyote kuirudisha? Nne, je, ilipimwa pale pale fundi alipokuwa akishika, na kwa chombo gani?

Swali la chombo lina uzito wake. Mafundi wengi hutegemea bisibisi yenye kitaa kidogo. Kitaa hicho huwaka kwa kupitisha umeme kidogo sana katika mwili wa anayekishika, kwa hivyo fundi aliyesimama juu ya ngazi kavu au penye mwangaza mkali wa jua anaweza asione kitu ilhali waya una umeme. Njia ya kuaminika ni kutumia chombo cha kupimia chenye ncha mbili, na kukijaribu mara mbili: kwanza kwenye waya unaojulikana kuwa na umeme ili kujua kinafanya kazi, kisha kwenye waya unaotaka kuugusa, halafu tena kwenye ule wa kwanza ili kuhakikisha hakikufa katikati ya kazi. Taarifa iseme kama hatua hizo tatu zilifanywa. Kama hazikufanywa, iseme hivyo waziwazi, bila kumlaumu mtu.

Tenganisha pia kilichokutwa na kilichofanywa baadaye. Katika kisa chetu msaidizi alizima breka zote za taa. Mkaguzi akija saa sita ataikuta breka namba 7 imezimwa, na atadhani ilikuwa hivyo tangu asubuhi. Ndiyo maana sentensi hii moja ina thamani kubwa: "Breka namba 7 ya bodi ya taa ilikuwa imewashwa wakati wa ajali, ilizimwa na msaidizi baada ya fundi kunaswa."

Zipo njia nyingine za umeme zinazosahaulika. Jenereta inayojiwasha yenyewe stima ikipotea ni mojawapo. Nyingine ni betri za umeme wa jua zinazolisha jengo wakati swichi ya stima imezimwa, na vihifadhi vya umeme ndani ya mashine, ambavyo huweza kubaki na chaji baada ya kila swichi kuzimwa. Iwapo vimo katika jengo lako, vitajwe katika taarifa, hata kama ni kusema tu kwamba vilikaguliwa na havikuhusika.

"Breka haikuanguka" si ushahidi

Mara nyingi utasikia: "Hakupigwa sana, maana hata breka haikuanguka." Hili ni kosa ambalo limewafanya wengi wakose kupelekwa hospitali.

Hebu tupige hesabu. Mwili wa mtu mwenye mikono yenye unyevu, kutoka mkono mmoja hadi mwingine, huweza kuwa na ukinzani wa omu 1,000 hivi. Gawanya volti 240 kwa 1,000, upate kama robo ya ampia. Hicho ni kiasi cha umeme kinachotumiwa na balbu ya kizamani ya wati 60. Breka ya taa ya ampia 10 haiwezi kukihisi, kama isivyoihisi balbu moja ikiwashwa. Lakini moyo unakihisi. Kiasi hicho kikipita kifuani kwa sekunde moja au mbili kinaweza kuuvuruga moyo ukaanza kutetemeka badala ya kusukuma damu. Hata kiasi kidogo zaidi, kama miliampia 10 hadi 15, hutosha kuikaza misuli ya mkono mtu asiweze kuachia.

Kifaa kinachoweza kumwokoa mtu hapo ni kile cha kukata umeme unaovuja, ambacho kwa kawaida hukata kwenye miliampia 30. Taarifa iseme kama kilikuwepo kwenye njia ile, na kama kilikata. Kama kilikuwepo na hakikukata, basi huenda hicho nacho ni kibovu, kiwekwe kando na kichunguzwe.

Kadi mbili, kazi mbili

Kuna kadi za aina mbili, na watu huzichanganya. Ya kwanza ni kadi ya fundi mwenyewe. Huitundika kwenye swichi pamoja na kufuli lake kabla ya kuanza kazi, ikiwa na jina lake, tarehe, saa na kazi anayoifanya. Maana yake ni kwamba kuna mtu ameweka mikono ndani. Haiondolewi na mtu mwingine yeyote, ni yeye tu. Taarifa ya ajali iseme kama kadi hii ilikuwepo, na kwenye swichi ipi.

Ya pili hutundikwa baada ya ajali. Hii ni kadi ya kifaa. Inasema kifaa hiki kimemwumiza mtu na kisitumike mpaka kichunguzwe. Iandikwe kwa wino usiofutika: jina la kifaa na namba yake, kosa linaloshukiwa, tarehe na saa, jina la aliyeitundika, namba ya taarifa katika daftari la ajali, na cheo cha mtu pekee anayeruhusiwa kuiondoa. Ile namba ya taarifa isisahaulike, maana ndiyo kamba inayokifunga kifaa na ukurasa wa daftari. Bila namba hiyo, kadi ikianguka, habari nzima huanguka nayo.

Katika kisa chetu kadi ya pili ilihitajika mahali pawili: kwenye kabati la kontakta na kwenye breka namba 7, ambayo pia ingefungwa kwa kufuli. Chombo alichopimia fundi nacho kingetiwa katika mfuko, kikaandikwa na kuhifadhiwa, ili kijulikane kama kilikuwa kizima.

Msimamizi atauliza: na nyama je? Shinikizo hilo ni la kweli, na ndilo linalofanya kadi nyingi zivuliwe kabla ya wakati. Jibu ni kuhamisha nyama katika chumba kingine au gari la baridi, na kuita fundi wa pili, mwenye leseni ya Mamlaka ya Udhibiti wa Nishati na Petroli, aifuatilie njia ile ya pili mpaka mwisho. Aliyepigwa na umeme asirudi kumaliza kazi ile siku hiyo. Kadi inapoondolewa, taarifa ioneshe ni nani aliyeiondoa, lini, na baada ya kupata na kurekebisha kosa gani. Kwa kabati letu, marekebisho ya kweli si kontakta mpya pekee. Ni kuuhamisha waya wa koili ulishwe na swichi ile ile ya mota, au walau kubandika onyo la kudumu mlangoni kwamba ndani kuna njia mbili za umeme.

Karatasi ya kwenda kwa daktari

Umeme ni mgonjwa mdanganyifu kwa macho. Alama kwenye ngozi huweza kuwa ndogo kama punje ya mtama, kumbe ndani misuli na mishipa ya fahamu imeumia. Kwa sababu hiyo daktari hutegemea sana maelezo ya aliyekuwepo, na mara nyingi aliyekuwepo hakwenda hospitali. Mpe majeruhi nakala ya maelezo haya: volti ngapi, na kama ni umeme wa stima au wa betri; aligusa kwa wapi na umeme ulitokea wapi; alinaswa kwa muda gani; alipoteza fahamu au la; alianguka au alirushwa; mikono ilikuwa kavu au yenye maji.

Njia ya umeme mwilini ina maana kubwa. Kutoka kidole hadi kidole cha mkono mmoja, moyo haukuguswa. Kutoka mkono wa kulia hadi wa kushoto, kama fundi wetu, umeme umekatiza kifua. Daktari ataagiza kipimo kinachochora mwendo wa moyo kwenye karatasi. Kwa mtu mzima mwenye afya aliyepigwa na umeme wa kawaida wa nyumbani, ambaye hakupoteza fahamu, hana maumivu ya kifua na mchoro wake ni sawa, mara nyingi huruhusiwa kurudi nyumbani. Aliyezimia, aliye na mchoro usio wa kawaida, mwenye ugonjwa wa moyo, au aliyepigwa na umeme wa volti 1,000 na zaidi, huwekwa chini ya uangalizi. Mama mjamzito naye apelekwe hospitali hata akijiona mzima, ili mtoto akaguliwe.

Daktari atatazama pia mabega, kwa kuwa misuli ikikaza ghafla huweza kuteguza bega bila mtu kuanguka. Kama kuna jeraha, ataulizia chanjo ya pepopunda. Mkojo ukiwa na rangi ya chai ya rangi au kola, huenda misuli imeharibika na mabaki yake yanaziba figo. Hilo huonekana zaidi kwa waliopigwa na umeme wa nguvu nyingi au walionaswa kwa muda mrefu, na halingojei kesho.

Kisha kuna mambo yanayochelewa. Ganzi, udhaifu wa mkono, maumivu, kukosa usingizi na woga wa kushika vyombo vya kazi huweza kujitokeza baada ya siku au majuma. Umeme ukipita karibu na kichwa, mtoto wa jicho huweza kuota baada ya miezi au hata miaka. Kwa hivyo sehemu ya matibabu katika taarifa isifungwe siku ile ile. Iachiwe nafasi ya tarehe za kurudi: siku ya pili, juma la kwanza, juma la sita. Kila mara iandikwe aliulizwa nini na alijibu nini kuhusu mikono, macho na usingizi wake. Siri za hospitali zibaki katika faili ya hospitali. Daftari la kazini linahitaji kujua tu kwamba alionwa, lini, na kama anafaa kurudi kazini na kwa kazi gani.

Siku saba za sheria

Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 inamtaka mwajiri amjulishe afisa wa eneo kuhusu ajali kazini. Kukitokea kifo, habari hutolewa katika muda wa saa 24, na taarifa ya maandishi hufuata katika siku saba. Kwa majeraha yasiyo ya kifo, taarifa ya maandishi pia ni katika siku saba. Sheria ya Mafao ya Majeraha Kazini, nayo ya mwaka 2007, inamtaka mfanyakazi amwarifu mwajiri, kwa mdomo au kwa maandishi, na mwajiri apeleke taarifa kwa Mkurugenzi wa Usalama na Afya Kazini kwa fomu iitwayo DOSH/WIBA 1. Madai ya fidia yana kikomo cha miezi kumi na miwili. Fundi mwenye ganzi inayokuja juma la tano ana muda bado, lakini atahitaji ukurasa wa kushika mkononi. Ndiyo maana kila fundi aombe nakala na aihifadhi nyumbani.

Ingeandikwa hivi

Hebu sasa tuirudie taarifa ya chumba cha baridi, jinsi ambavyo ingeandikwa saa ile ile:

"Saa 4.20 asubuhi fundi alipigwa na umeme wa volti 240 akibadilisha kontakta ya mota ya chumba cha nyama. Uligusa kidole cha kulia kwenye ncha A1. Mkono wa kushoto ulishika mlango wa kabati. Alinaswa, kwa makadirio ya msaidizi, sekunde mbili au tatu. Hakupoteza fahamu. Mikono ilikuwa na unyevu. Njia ya kwanza, swichi ya mota: ilikutwa imezimwa, bila kufuli wala kadi, ncha za mota zilipimwa. Njia ya pili, breka namba 7 ya bodi ya taa: ilikuwa imewashwa, haikujulikana kwa fundi, haikupimwa, ilizimwa na msaidizi baada ya ajali. Hakuna kifaa cha kukata umeme unaovuja kwenye njia hiyo. Breka imefungwa kwa kufuli. Kadi zimetundikwa kwenye breka na kabati. Chombo cha kupimia kimehifadhiwa. Fundi alipelekwa hospitali saa 4.50 na nakala ya maelezo haya. Kurudi kuonwa: kesho, juma la kwanza, juma la sita."

Kuandika maneno haya huchukua kama robo saa. Hakuna anayelaumiwa ndani yake, na hakuna neno "kidogo". Juma la tano fundi akija na ganzi ya vidole, ukurasa huu utasema umeme ulipita mkono upi. Na fundi mwingine akitumwa kwenye kabati lile mwakani, ataulizia breka namba 7 kabla ya kutoa bisibisi mfukoni.